Duka limerekebisha kosa: uyabadilishe maoni yako makali au uyafute?

Umempelekea fundi simu abadilishe kioo, ukalipa shilingi 85,000. Siku ya nne kioo kikaanza kujibonyeza chenyewe: programu zinafunguka bila kuguswa, herufi zinajiandika. Ukapiga simu dukani, haikupokelewa. Jioni ukaingia Google Maps, ukaweka nyota moja na maneno makali. Siku mbili baadaye duka likakutafuta, likaweka kioo kingine bila malipo na kukuomba radhi. Simu sasa ni nzima, lakini maoni yako bado yapo pale, na yanasomwa na kila anayetafuta fundi mtaani.

Hapo watu wengi hukwama. Kuyaacha yalivyo kunaonekana si haki kwa duka lililojirekebisha. Kuyafuta kunaonekana ni kumficha mteja ajaye jambo lililotokea kweli. Njia zote mbili zina mahali pake, na kesi hii ya kioo itatusaidia kuona ni wapi.

Kwanza hakikisha limerekebishwa

Usiguse maoni siku ileile uliyorudishiwa simu. Kioo chenye hitilafu huweza kukaa kimya siku mbili tatu kabla ya kuanza upya, kwa hiyo kipe angalau wiki mbili za matumizi yako ya kawaida. Ndani ya muda huo fanya jaribio moja muhimu: chomeka chaja unayotumia kila siku na uandike ujumbe mrefu simu ikiwa inachaji, kisha rudia kwa chaja nyingine iliyo nzuri.

Jaribio hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kioo kujibonyeza kunaweza kutokana na kioo chenyewe, hasa kopi ya ubora mdogo au waya wake usiokaa vizuri. Kunaweza pia kutokana na chaja duni inayopeleka umeme usiotulia. Simu ikihangaika ikiwa kwenye chaja moja tu na kutulia ukiichomoa, mshukiwa wa kwanza ni chaja. Ikihangaika hata ikiwa haichaji, mshukiwa ni kioo au ufungaji wake. Dalili inafanana, lakini mwenye kosa ni tofauti, na uamuzi kuhusu maoni yako utafuata hapo.

Swali la pili ni hili: kilichorekebishwa ni simu yako peke yake, au ni namna duka linavyofanya kazi? Duka linaweza kukupa kioo kizuri kwa sababu umelalamika hadharani, huku mteja wa kesho akiendelea kuwekewa kopi na kulipishwa bei ya orijino. Muulize fundi moja kwa moja: sasa mnamweleza mteja aina ya kioo kabla ya kazi? Mnaandika waranti kwenye risiti? Jibu lake, na risiti yenyewe, vitakuonyesha.

Vigezo vya kulinganishia

Tutapima kila njia kwa mambo manne. Anayesoma kesho atapata nini cha kumsaidia kuchagua? Wastani wa nyota za duka utasogea kiasi gani? Wewe utabaki na nini mkononi tatizo likirudi? Na katika kitendo chenyewe, nini huharibika?

Njia ya kwanza: kuyabadilisha

*Msomaji anapata nini.* Anapata hadithi nzima: kosa, muda duka lilichukua kujibu, na lilivyolimaliza. Kwa mtu anayetaka kumwachia fundi simu yake, habari ya jinsi duka linavyomshughulikia mteja aliyeumia ina thamani kuliko sifa kumi za "huduma nzuri". Kila fundi hukosea. Mteja anataka kujua yatakayompata yeye siku ya kosa.

Lakini faida hii inakuja tu ukibadilisha kwa kuongeza. Ukifuta maneno ya zamani yote na kuandika "Duka zuri, nawapendekeza", msomaji hataona yale ya mwanzo, kwa kuwa Google haiwaonyeshi wasomaji matoleo yaliyotangulia. Hapo umefuta bila kubonyeza kitufe cha kufuta, na umeongeza sifa isiyo na maelezo.

Weka nyongeza juu, maneno ya zamani chini. Maoni marefu hukatwa na mengine hubaki nyuma ya neno "More", na wasomaji wengi hawalibonyezi. Taja mwezi na mwaka kwa kila sehemu, kwa sababu ambayo tutaiona hivi punde. Kwa kesi yetu inaweza kuwa hivi:

> NYONGEZA, Juni 2025: Siku mbili baada ya kuandika haya duka lilinitafuta. Walikubali kuwa kioo cha kwanza kilikuwa kibovu, wakaweka kingine bila malipo na kuniandikia waranti ya miezi mitatu kwenye risiti. Nimekitumia wiki tatu, hakijasumbua. Nimetoka nyota 1 kwenda 4. Moja nimeibakiza kwa sababu simu zangu za mwanzo hazikupokelewa.
>
> MAONI YA AWALI, Mei 2025: Nimebadilishiwa kioo, siku ya nne kikaanza kujibonyeza. Nimepiga simu mara kadhaa, hazipokelewi.

Angalia kwamba maneno ya zamani yamepunguzwa ukali. Matusi na jina la kijana wa kaunta vimeondoka, tukio limebaki. Hilo ni sahihi kabisa: kinachopaswa kuhifadhiwa ni kilichotokea, na hasira uliyokuwa nayo siku ile haimsaidii msomaji.

*Nyota za duka.* Hapa hesabu ni muhimu, na wengi huikisia vibaya. Chukua duka dogo lenye maoni mengine 10 ambayo nyota zake zinafika 44, yaani wastani wa 4.4. Nyota yako moja inalishusha hadi 45 kwa 11, ambayo huonekana kama 4.1. Ukibadilisha kuwa nyota 3, wastani unapanda hadi 4.3. Ukiweka 4, unakuwa 48 kwa 11, na skrini inaonyesha 4.4, palepale pangekuwepo kama usingeandika kitu.

Kwa hiyo mwenye duka dogo anayesema "ukifuta tu ndipo tutapona" hajapiga hesabu. Kwa upande wa nyota, kubadilisha kuwa 4 kunampa karibu kila kitu ambacho kufuta kungempa. Na kwa biashara kubwa, tuseme yenye maoni mengine 300 na wastani uleule wa 4.4, nyota yako moja haikuonekana hata ilipoingia. Huko kinachouma ni maneno, si nyota.

*Unabaki na nini.* Maelezo yako yenye tarehe yanabaki hadharani. Kioo kikiharibika tena mwezi wa pili wa waranti, unarudi na kuongeza mstari mwingine juu. Ila usitegemee maoni peke yake kuwa kumbukumbu. Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya skrini ya maoni ya zamani na jibu la duka, kisha uzihifadhi pamoja na risiti na ujumbe wa malipo ya M-Pesa. Ukishabadilisha, maneno ya mwanzo huwezi kuyarudisha isipokuwa uliyanakili.

*Panapoharibika.* Namna ya kufanya ni fupi: fungua Google Maps kwa akaunti ileile uliyoandikia, tafuta duka, nenda kwenye maoni, bonyeza nukta tatu kwenye maoni yako, kisha "Edit review". Matatizo huja baadaye, na yako matatu.

La kwanza ni tarehe. Maoni yaliyobadilishwa huonyesha muda wa kubadilishwa, si wa kuandikwa mara ya kwanza. Kosa la Mei, ukiligusa Novemba, linaweza kusomwa kama la wiki hii, na msomaji anayepanga maoni kuanzia mapya hulikuta juu. Ndiyo maana mwezi na mwaka viwe ndani ya maandishi yenyewe. Asiyeviandika huweza kuliumiza duka upya kwa nia ya kulisaidia.

La pili ni jibu la mwenye duka. Jibu lake la zamani hubaki chini ya maneno yako mapya. Chini ya shukrani zako patakuwa pameandikwa "Pole sana mteja wetu, tafadhali tuletee simu tuiangalie", na msomaji atadhani kuna tatizo jingine. Mjulishe mwenye duka alibadilishe jibu lake pia. Anaweza, ila huenda asikumbuke.

La tatu, maoni yaliyobadilishwa hupitiwa upya na mfumo, na huweza kuchelewa kuonekana au kutoonekana kabisa, hasa yakiwa na namba ya simu, kiungo au tusi. Wewe mwenyewe utaendelea kuyaona kwenye akaunti yako, hivyo si kipimo. Baada ya siku chache yaangalie kwa simu ya mtu mwingine.

*Inamfaa nani.* Inamfaa aliyelalamikia jambo la kweli, likarekebishwa, na ambaye kisa chake kitamsaidia mteja mwingine. Wengi wako hapa.

Njia ya pili: kuyafuta

*Msomaji anapata nini.* Hapati kitu kutoka kwako, na mara nyingine hilo ndilo jema kwake. Kama malalamiko yalisimama juu ya kosa lako, kila anayeyasoma anadanganyika, hata ukiyaongezea mistari mitatu ya ufafanuzi.

Rudi kwenye jaribio la chaja. Tuseme fundi amekuonyesha mbele ya macho yako: simu imehangaika kwenye chaja yako, ameichomoa imetulia, ameweka chaja nyingine imetulia, na kioo ni kilekile alichoweka siku ya kwanza. Duka halikukosea kwenye kioo. Kubadilisha kuwa nyota 4 na kuandika "walirekebisha" kungeendelea kulipachika kosa ambalo halikulifanya. Futa. Kama bado unataka kusema kuwa hawakupokea simu, andika maoni mapya yanayosema hilo peke yake.

Hali nyingine ya kufuta ni pale ulipoandika kwenye tawi lisilo lako. Maduka mawili ya jina moja, moja Kariakoo na jingine Mwenge, kila moja lina ukurasa wake. Aliyeandika kwenye ukurasa usio sahihi afute na aandike panapostahili.

Na kuna maneno yenye hatari kwako mwenyewe. Ukiwa umeandika kuwa fulani, kwa jina, ni mwizi au tapeli na huna ushahidi, usijitese kutafuta namna ya kuyalainisha. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo. Kenya nayo ina sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Kueleza kilichokupata ni jambo moja, kumtuhumu mtu jinai ni jingine.

*Nyota za duka.* Kwa duka letu dogo, wastani unarudi 44 kwa 10, yaani 4.4 kamili. Idadi ya maoni inapungua kwa moja. Tofauti na nyota 4 zilizobadilishwa ni ndogo mno kuonekana kwenye skrini. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa pale tu ambapo ungebadilisha na kubaki kwenye nyota 1 au 2.

*Unabaki na nini.* Hubaki na kitu hadharani. Maoni yanaondoka pamoja na jibu la mwenye duka, na hakuna kapu la kuyaokota. Unaweza kuandika mapya siku nyingine, lakini yataanza na tarehe ya siku hiyo, na ule mlolongo wa kwamba tatizo lilitokea Mei likarudi Agosti utakuwa umepotea. Kwa hiyo picha za skrini hapa ni za lazima kuliko kwenye njia ya kwanza.

*Panapoharibika.* Hatua ni zilezile hadi kwenye nukta tatu, kisha "Delete review". Ukishafuta, pitia wasifu wako upande wa picha. Kama uliambatanisha picha ya risiti au ya simu, hakikisha haikubaki kwenye ukurasa wa duka bila maelezo.

Kosa kubwa zaidi ni kufuta mapema. Watu hufuta siku waliyoahidiwa, kioo kikiwa bado "kinakuja kutoka Dar" au pesa ikiwa "inatumwa kesho". Maoni ndiyo yaliyofanya simu yako ipokelewe. Ukiyaondoa kabla ya kazi kukamilika, unarudi kwenye foleni ya wanaopiga bila kupokelewa.

*Inamfaa nani.* Inamfaa aliyekosea, aliyetuhumu bila ushahidi, na aliyeandika pasipo mahali pake. Inamfaa pia mtu ambaye maoni yanamweka hatarini: msambazaji wa gesi au maji anayejua mlango wako, au mwenye nyumba uliyopanga. Huyo hana haja ya kumweleza mtu sababu zake.

Duka likikuomba ufute

Ombi lenyewe si kosa. Mwenye duka dogo anaishi kwa maoni hayo, na ana haki ya kukukumbusha kuwa kazi imekamilika. Ombi hubadilika pale linapofungwa na kitu: kava ya bure, punguzo la kazi ijayo, au sharti la "futa kwanza ndipo turudishe hela". Kanuni za Google zinakataza biashara kutoa malipo, punguzo au zawadi ili maoni mabaya yabadilishwe au yaondolewe. Kumbuka mpaka: kioo kipya badala ya kibovu ni haki yako, si zawadi, na kukipokea hakukufungi ufanye lolote. Kava ya shilingi 10,000 kwa ajili ya kufuta ni biashara nyingine.

Ujumbe wa kawaida huja hivi: "Dada habari za leo. Kioo tumeshakubadilishia, tunaomba utufutie yale maoni, yanatuharibia kazi. Ukija tutakupa na kava."

Jibu linaloweza kutumwa bila kuvunja uhusiano: "Salama kaka, nashukuru kwa kazi. Kava acha tu. Nitaitumia simu wiki mbili, ikiwa sawa nitaongeza kwenye maoni kwamba mmerekebisha, na nyota nitazipandisha. Nikishaandika nitakwambia ili na wewe ubadilishe jibu lako."

Jibu hilo limetaja muda, limetaja utakachofanya, na limeiweka kava kando. Mara nyingi mwenye duka anaridhika, kwa kuwa anachohofia zaidi ni kupuuzwa. Akiendelea kusukuma, piga picha ya mazungumzo. Na kwa sharti la hela, mpangilio ni mmoja: pesa iingie, ujumbe wa muamala usomeke, kisha ndipo ushike maoni yako.

Mahali ambapo hutaweza kuhariri

Mambo haya yote yanahusu Google Maps. Tripadvisor, ambayo hoteli na kampuni za utalii za Zanzibar na Arusha huitegemea sana, hairuhusu kuhariri maoni yakishachapishwa. Huko unafuta na kuandika upya. Kama ndivyo, andika kwanza maandishi mapya yote pembeni, yakiwa na sehemu ya kosa na sehemu ya marekebisho, ndipo ufute na kuyatuma. Usifute ukitegemea kuandika kesho.

Kwa hali yako

Kosa lilikuwa la duka, wamelimaliza, na wamebadili utaratibu, mathalani sasa wanaandika aina ya kioo kwenye risiti: badilisha, uweke nyota 4, na utaje utaratibu huo mpya kwa jina lake. Hata 5 ni sawa ukiona walivyokuhudumia baadaye kumefuta usumbufu wote.

Kosa lilikuwa lao, wamekurekebishia wewe tu, na ukiuliza kuhusu wateja wengine hupati jibu: badilisha, uweke nyota 2 au 3, na useme wazi kuwa ulirekebishiwa baada ya kulalamika hadharani. Mteja ajaye ataelewa aulize aina ya kioo kabla ya kulipa.

Wamerekebisha kwa shida baada ya wiki nyingi na kauli mbaya: ongeza kwamba limekwisha na lilichukua muda gani, nyota ziache. Kurekebisha hakufuti ulivyotendewa, na hakuna anayekudai zaidi ya ukweli ulioandikwa mpaka mwisho.

Umegundua chanzo kilikuwa chaja yako, au simu ilishawahi kuingia maji na hukusema: futa leo, na umtumie fundi ujumbe wa kumwomba radhi.

Maoni yana miaka mitatu, duka limebadilisha mmiliki na mafundi: kubadilisha kutayaibua juu kama mapya, kwa hiyo hapa kufuta kunafaa zaidi. Ukipita tena dukani na kuhudumiwa, andika kuhusu duka lililopo sasa.

Bado hujamaliza wiki mbili za majaribio: usibadilishe wala usifute. Mwambie mwenye duka tarehe utakayorudi kuyagusa, na siku hiyo ikifika, yaguse.